Maduka 1,115 na Namba Kumi

Mwaka 2015 kampuni ya Rossmann ya Ujerumani, inayouza sabuni, vipodozi na bidhaa za nyumbani, ilitoa rekodi za mauzo ya maduka yake 1,115 kwenye jukwaa la mashindano la Kaggle. Washiriki walitakiwa kukadiria kila duka litauza kiasi gani kila siku kwa wiki sita zijazo. Rekodi zilianzia Januari 1, 2013 na kuishia Julai 31, 2015, mistari zaidi ya milioni moja. Kila mstari ulieleza duka moja kwa siku moja: namba ya duka, tarehe, siku ya wiki, kama kulikuwa na promosheni, kama ilikuwa sikukuu, na mauzo ya siku hiyo.

Timu zaidi ya 3,000 zilishiriki. Mshindi alitumia mbinu ya miti ya maamuzi, iliyokuwa ikitawala mashindano ya aina hii, pamoja na safu nyingi za ziada alizozibuni mwenyewe. Nafasi ya tatu ilikwenda kwa Cheng Guo na Felix Berkhahn, waliotumia mtandao wa neva na safu chache za kawaida. Aprili 2016 walichapisha makala ya kueleza walivyofanya. Kiini chake ni namna ya kuulisha mtandao vitu ambavyo si namba, mfano duka, jimbo au siku ya wiki. Tangu hapo mbinu hiyo imeingia katika programu nyingi zinazotumiwa na watu wa benki, bima na biashara, na kila anayeitumia hukumbana na swali lile lile: kila kitu kipewe namba ngapi?

Tuanze na tatizo lenyewe. Mtandao wa neva hufanya kazi hasa kwa kuzidisha namba na kuzijumlisha, tabaka baada ya tabaka. Safu kama umbali wa duka pinzani haina shida, kwa sababu mita 2,000 ni mara mbili ya mita 1,000, na mtandao unaweza kuutumia ukweli huo. Lakini namba ya duka ni jina tu. Duka namba 8 halijalizidi duka namba 7 kwa lolote, wala duka namba 1,000 si kubwa mara kumi ya duka namba 100. Ukiiingiza namba hiyo kama ilivyo, mtandao utaichukulia kama kipimo na kuanza kutafuta uhusiano usiokuwepo.

Njia ya zamani ya kukwepa kosa hilo ni kutengeneza swichi. Maduka yakiwa 1,115, kila mstari unapewa swichi 1,115, zote zikiwa sifuri isipokuwa moja, ya duka husika, yenye namba 1. Njia hii haisemi uongo, ila haisemi mengi pia. Kwa hesabu yake kila duka liko mbali na kila duka lingine kwa umbali ule ule. Maduka mawili yanayouza kwa mwendo unaofanana kabisa, yenye wateja wa aina moja katika jimbo moja, yanaonekana kama hayana undugu wowote, na alichojifunza mtandao kwa moja hakilifaidii jingine.

Guo na Berkhahn walifanya jambo jingine. Walitengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila duka, na katika kila mstari wakaweka namba kumi. Mstari huo wa namba kumi ni vekta ya duka. Duka namba 7 likitajwa, mtandao unakwenda kwenye mstari wake, unazichukua zile namba kumi na kuzitumia badala ya jina. Siku ya wiki ina jedwali lake, jimbo lina lake, mwezi una lake. Wahandisi huliita jedwali la namna hii embedingi.

Namba hizo hazijazwi na mtu. Mwanzoni ni namba ndogo ndogo za kubahatisha. Mtandao unasoma mstari mmoja wa rekodi, unakadiria mauzo, unalinganishwa na mauzo halisi, na kosa lililopatikana linarudishwa nyuma kurekebisha kila namba iliyochangia. Zile kumi za duka husika husogezwa kidogo pamoja na uzani wa mtandao wenyewe, huku vekta za maduka ambayo hayamo katika fungu hilo la mistari zikibaki zilivyo. Rekodi zinapopita kwa maelfu, maduka mawili yenye tabia moja husukumwa upande mmoja, kwa kuwa makosa yake yanafanana, na mwisho vekta zake hukaribiana. Mtandao haukuambiwa kwamba yanafanana. Umelazimika kuligundua hilo ili upunguze kosa.

Ushahidi unaopendwa kutajwa ni wa majimbo. Rekodi za Rossmann hazikutaja jimbo la duka, lakini sikukuu na likizo za shule Ujerumani hutofautiana jimbo hadi jimbo, kwa hiyo washiriki waliweza kubaini kila duka liko wapi kwa kulinganisha tarehe. Yakapatikana majimbo 12 kati ya 16 ya nchi hiyo. Baada ya mafunzo, Guo na Berkhahn walizichora vekta za majimbo kwenye karatasi yenye pande mbili, na mpangilio wake ukafanana na ramani ya Ujerumani, ingawa mtandao haukupewa ramani wala umbali kati ya majimbo. Naona ni matokeo mazuri, ila yasisomwe kupita kiasi. Mtandao haujui jiografia. Unachojua ni kwamba majimbo jirani huuza kwa mwendo unaokaribiana, na kwa bahati njema ujirani wa mauzo ulifuata ujirani wa ardhi.

Sasa twende kwenye ukubwa. Wanandugu hawa wa hesabu walichagua hivi: duka, namba 10, siku ya mwezi, 10, siku ya wiki, 6, mwezi, 6, jimbo, 6, mwaka, 2, promosheni, 1. Jumla ni namba 41 zinazoingia kwenye tabaka la kwanza, lenye neva 1,000. Uzani wa tabaka hilo ni 41,000, na majedwali yote saba yana namba 11,654, nyingi zikiwa za maduka. Kwa njia ya swichi safu hizo hizo zingeleta swichi 1,182, na tabaka la kwanza peke yake lingehitaji uzani 1,182,000. Zaidi ya milioni moja dhidi ya elfu hamsini na kitu, kwa taarifa ile ile.

Ajabu ni kwamba kihesabu njia hizi mbili ni ndugu. Kuchukua mstari kwenye jedwali ni sawa na kuzidisha swichi kwa jedwali zima, maana sifuri zinafuta kila kitu isipokuwa mstari mmoja. Kinachobadilika ni kwamba habari zote za duka sasa zinalazimishwa kupita kwenye namba kumi tu. Haiwezekani kuliwekea kila duka hadithi yake ya pekee, hivyo mtandao unalazimika kutafuta mambo machache yanayotofautisha maduka mengi kwa pamoja: labda ukubwa wa mauzo, labda jinsi yanavyoitikia promosheni, labda jinsi Desemba inavyoyapandisha. Kwa hiyo urefu wa vekta si suala la kuokoa kumbukumbu ya kompyuta. Ni uamuzi kuhusu tofauti ngapi unaziruhusu zionekane.

Kuna ukomo wa juu unaoeleweka kwa jiometria. Vitu vitatu vinaweza kuwekwa kwa umbali sawa kati yao kwenye karatasi bapa, lakini haviwezi kwenye mstari mmoja ulionyooka. Vinne vinahitaji pande tatu. Kwa ujumla vitu m vinatoshelezwa na pande m − 1, na kuongeza nyingine hakuleti mpangilio mpya. Ndiyo maana Guo na Berkhahn waliweka mipaka kati ya 1 na m − 1. Tazama siku za wiki: ziko 7, nao wakazipa namba 6, yaani ukomo kabisa. Hapo hakuna kubanwa kokote, na hakukuwa na haja, kwa sababu kila siku ya kazi ina mistari zaidi ya laki moja ya kujifunzia. Kwa maduka ukomo ungekuwa 1,114, wao wakatumia 10. Huko ndiko walikobana kweli.

Walifikaje kwenye 10? Wenyewe walieleza kwamba walianza kwa kujiuliza ni sifa ngapi ambazo mtu angehitaji ili kukieleza kitu hicho, na idadi hiyo ndiyo waliyoanzia kujaribu. Pale ambapo hawakuwa na fununu, walianza na m − 1. Nauona mwanzo huu kuwa bora kuliko kanuni zilizokuja baadaye, kwa sababu unauliza kuhusu kitu chenyewe. Mwenye maduka anaweza kukaa chini na kuhesabu: mtaa, ukubwa, ushindani, aina ya wateja, uitikiaji wa punguzo la bei, msimu. Atachoka kabla hajafika ishirini.

Kanuni zilizozoeleka huangalia idadi ya vitu peke yake. Ya kwanza husema gawa kwa mbili, usizidi 50. Nyingine, iliyoenezwa na wahandisi wa Google, huchukua kipeuo cha pili cha idadi, kisha kipeuo cha pili cha jibu. Ya tatu imo katika programu ya fastai:

```python
min(600, round(1.6 * n**0.56))
```

Jaribu zote tatu kwa maduka 1,115. Ya kwanza inatoa 50, ya pili inatoa takriban 6, ya tatu inatoa 81. Tofauti kati ya 6 na 81 si ndogo. Jedwali la namba 6 kwa kila duka lina namba 6,690. La 81 lina 90,315. Kanuni zinazohitilafiana kiasi hicho haziwezi kuwa sheria. Ni mahali pa kuanzia kujaribu, basi.

Kitu ambacho kanuni zote tatu hazikioni ni wingi wa rekodi. Ukiondoa siku ambazo maduka yalifungwa, data ya Rossmann inabaki na mistari kama 844,000, yaani wastani wa siku 757 kwa kila duka. Namba kumi zikifunzwa kwa siku 757 zina msingi imara. Hata hamsini zinaweza kuvumilika. Lakini chukua kampuni nyingine yenye maduka 1,115 hayo hayo na rekodi za siku 20 tu kwa kila duka. Kanuni zitatoa jibu lile lile, 50 au 81, ilhali sasa kila duka lina namba nyingi kuliko siku zake. Mtandao utazitumia namba hizo kukariri siku ishirini alizoonyeshwa, na siku ya ishirini na moja utapotea.

Jambo hilo hujitokeza pia ndani ya safu moja. Jumapili maduka mengi ya Ujerumani hufungwa kwa sheria. Mistari ya siku zilizofungwa ikiondolewa, vekta ya Jumapili inafunzwa na maduka machache mno yanayoruhusiwa kufungua. Namba zake sita zinaonekana halali kama za Jumatatu zinapochapishwa kwenye skrini, lakini zinaeleza Jumapili ya maduka hayo machache, si Jumapili kwa jumla. Anayezisoma bila kuhesabu mistari iliyo nyuma yake atadanganyika.

Hapa ndipo upimaji unapokuwa na uzito kuliko kanuni, na makala ya 2016 ina somo kubwa ambalo wengi hulipita. Waandishi walipima kwa njia mbili, wakitumia wastani wa kosa kwa uwiano wa mauzo halisi. Njia ya kwanza ilichanganya mistari yote na kutenga asilimia kumi kwa kubahatisha. Kwa njia hiyo mtandao wenye swichi ulipata kosa la 0.070, na wenye vekta ulipata 0.070. Sawasawa! Mtu angeishia hapo angesema vekta hazina faida. Njia ya pili ilifuata kalenda: mtandao ulijifunza siku za mwanzo ukapimwa kwa siku za mwisho. Sasa swichi zikapata 0.101, vekta zikapata 0.093.

Sababu si ngumu. Mistari ikichanganywa, Jumanne iliyofichwa ina Jumatatu yake na Jumatano yake ndani ya mafunzo, kwa duka lile lile. Anayekariri hufaulu mtihani huo vizuri tu. Ukifuata kalenda, kukariri hakusaidii, na anayeshinda ni yule aliyejifunza kinachodumu. Kwa hiyo ukichagua urefu wa vekta kwa data iliyochanganywa, kipimo chako hakitaiadhibu vekta ndefu inayokariri, na utaichagua bila kujua. Kwa kazi ya kukadiria yajayo, tenga kipindi cha mwisho chenye urefu ule ule unaotakiwa kukadiriwa, kama wiki sita za Rossmann, usikiguse hadi wakati wa kupima.

Ukishakuwa na kipimo cha haki, kazi yenyewe ni ya subira. Acha safu ndogo zilivyo, kwa kuwa kati ya 4 na 6 kwa siku za wiki hakuna cha kupigania. Shughulikia safu moja kubwa, hapa ni duka. Funza mtandao kwa urefu wa 2, 5, 10, 20 na 50. Kila urefu urudie mara kadhaa ukibadilisha namba za kubahatisha za mwanzo, kwa sababu mtandao ule ule ukifunzwa mara mbili hautoi kosa lile lile, na mara nyingi tofauti kati ya marudio huwa kubwa kuliko tofauti kati ya 10 na 20. Kosa likiacha kupungua kwa namna inayozidi tofauti hiyo ya marudio, simama kwenye urefu mdogo zaidi uliofikia hapo. Dalili ya kuzidisha inaonekana wazi: kosa kwenye data ya mafunzo linaendelea kushuka huku la kipindi kilichotengwa likipanda. Dalili ya kupunguza mno ni makosa yote mawili kubaki juu pamoja.

Kuna ukaguzi mwingine ninaoupendekeza kwa sababu haudanganyi kirahisi. Chagua duka moja, utafute maduka matano ambayo vekta zake ziko karibu nalo zaidi. Kisha funza upya kutoka mwanzo na utafute tena. Namba zenyewe zitakuwa zimebadilika kabisa, kwani namba ya tatu au ya saba kwenye vekta haina maana yake peke yake na hakuna anayeweza kusema hii ni ya mtaa, ile ni ya bei. Lakini majirani wanatakiwa wabaki wengi wao wale wale. Majirani wakibadilika kila ukifunza, vekta hiyo ina nafasi nyingi kuliko kilichojifunzwa, au duka hilo lina rekodi chache mno.

Limebaki duka jipya, na hapa ndipo mifumo mingi huharibika kimyakimya. Programu makini huliongezea jedwali mstari mmoja kwa ajili ya kitu kisichojulikana:

```python
duka  = nn.Embedding(1116, 10)
jimbo = nn.Embedding(13, 6)
```

Mstari huo wa ziada unazuia programu isikwame duka jipya linapotokea. Lakini kama hakuna duka lisilojulikana katika mafunzo, mstari huo haujawahi kusukumwa na kosa lolote. Namba zake ni zile za kubahatisha za siku ya kwanza, na mtandao utazitumia kwa uhakika ule ule inaozitumia za duka lenye siku 757. Hakuna onyo litakalotokea. Tiba ni kuupa mstari huo kazi wakati wa mafunzo: maduka yenye rekodi chache sana yaunganishwe humo, au sehemu ndogo ya mistari, iliyochaguliwa kwa kubahatisha, ifichwe jina la duka ili mtandao uzoee kukadiria bila kulijua.

Faida moja ya vekta zilizofunzwa vizuri ni kwamba hazifungwi na mtandao uliozizaa. Guo na Berkhahn walizichukua wakazipa mbinu nyingine badala ya majina ya maduka. Kwa kipimo kile cha kalenda, msitu wa miti ya maamuzi ulishuka kutoka kosa la 0.158 hadi 0.108, na mbinu ya majirani wa karibu kutoka 0.290 hadi 0.116. Mbinu hiyo ya mwisho inategemea umbali kati ya vitu, hivyo ilikuwa na mengi ya kupata pale umbali ulipoanza kuwa na maana.

Kwa msomaji mwenye data yake, tuseme rekodi 3,000 zenye safu ya kaunti 47 za Kenya, kanuni ya fastai itamwambia atumie namba 14. Lakini kila kaunti ina wastani wa mistari 64 tu, na bila shaka Nairobi itakuwa na mingi huku baadhi ya nyingine zikiwa na michache sana. Aanze na namba 3, ajaribu na 6, apime kwa miezi ya mwisho, na kabla ya yote ahesabu mistari ya kila kaunti.